Fundi Telesphori na Tyubu ya Baba Vaileth

"Huyo mzee anapanda misumari kama mtu anayepanda karanga," jirani yangu Zipora aliniambia, huku akifunika ndoo yake ya dagaa. "Mimi nimemwona kwa macho yangu. Alfajiri, pale kwenye tuta, ameinama. Mtu anainama barabarani alfajiri anatafuta nini? Baba Vaileth ametoboka mara mbili wiki hii, palepale!"

Mzee mwenyewe alikuwa upande wa pili wa barabara, chini ya turubai lake, anasugua tyubu ya mtu. Ni Telesphori, fundi wa pancha. Hapa Buseresere, ukitoka sokoni kuelekea Biharamulo, ukishavuka tuta, unamkuta. Ana karai la maji, pampu, vyuma viwili vya kubandulia tairi ambavyo vimeng'aa kwa kushikwa, na kopo la gundi ambalo hulifunga kama dawa ya mtoto. Miguu yake ni myembamba na mdomo wake haukai kimya. Akikuona unasukuma pikipiki kwenye jua anakuuliza, "Vipi, leo ni zamu yako kuibeba?"

Mimi nauza uji na vitumbua mbele yake, kwa hiyo mambo yake mengi nayaona bila kuuliza. Na hilo la kuinama nililijua. Naamka mapema kuwasha moto, mwanangu Jenifa yuko mgongoni. Nilimwona mzee akiburuta sumaku ya spika kwa kamba, kutoka kwenye tuta hadi kalavati. Alikuwa anaokota misumari, siyo kuipanda. Siku ya kwanza nilipomsalimia alishtuka kama mwizi.

"Marahaba, Mama Jenifa. Hujaniona."

"Nimekuona, baba. Unaokota misumari ya watu?"

"Msumari unachana tyubu vibaya, kiraka hakikai, halafu mteja ananitukana mimi. Mwiba wa mgunga una adabu. Unatoboa katundu kadogo, kanazibika. Mimi nataka waje wa miiba."

Nilimwuliza kwa nini hasemi. Akacheka. Alisema wakijua anafagia barabara, kila atakayechomwa atakuja kumwuliza kwa nini huo aliuacha. Kwa hiyo nilinyamaza. Hata Zipora sikumjibu. Nilimpa tu kitumbua, maana mtu akitafuna hasemi sana.

Lakini maneno yalikwisha kutoka. Siku mbili baadaye yalikuwa yamefika kijiwe cha bodaboda, tena yameshaota miguu. Sasa mzee alikuwa na gunia la misumari kitandani. Wengine waliongeza kwamba ananunua misumari kwa kilo. Vijana wakawa wanampita kwa makusudi, wanapeleka pancha zao kwa mtu wa upande wa sokoni. Mzee akakaa na karai lake, maji yametulia mpaka nzi wanakunywa. Mwenyekiti wa kijiwe, Mwigulu, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata mchana, akasema hadharani kwamba mzee akikutwa na kosa, atakunja turubai lake siku hiyohiyo na aende kutafuta barabara nyingine. Miaka kumi na minne amekaa pale.

Alhamisi, saa nne hivi asubuhi, Boaz alikuja kutoka sokoni. Boaz ndiye Baba Vaileth, mume wa Zipora. Nyuma alikuwa na abiria wawili na kiroba cha mchele katikati yao. Akapanda tuta bila kupunguza mwendo, pikipiki ikaruka, ikatua, na gurudumu la nyuma likasema *fyuuu*. Abiria wakashuka wakiangaliana.

"Mara ya tatu!" Boaz akapiga kelele. "Mara ya tatu, palepale! Mwenyekiti! Njooni muone!"

Kijiwe kizima kilikuja mbio. Zipora naye akaja na ndoo yake ya dagaa mkononi, maana jambo kama hili hutaki kulikosa hata kama una mzigo. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi langu, namlisha Jenifa.

Mwigulu akasema, "Mzee, kunja turubai."

Telesphori hakusimama hata. Akaweka mikono yake miwili nyuma ya mgongo. "Sawa, mwenyekiti. Lakini kwanza tuuone huo msumari wangu, nijue kama ni wa inchi tatu au wa inchi nne. Boaz, vua gurudumu wewe mwenyewe. Mimi sigusi kitu. Nikigusa mtasema nimeuficha kwenye mkono wa shati."

Watu wakacheka. Boaz akakasirika zaidi, lakini watu wanamtazama, atafanya nini? Akafungua nati, akavuta ekseli, akatoa gurudumu, akalilaza chini. Mzee akamsukumia vile vyuma viwili kwa kidole cha mguu.

"Mara mbili zile ulizibia wapi?" akamwuliza.

"Nyumbani, uani, nilikoziba na ule mwiba wa Jumamosi ile. Siwezi kumlipa mtu aliyenitega."

"Vizuri. Basi mkono umezoea. Chukua chaki, weka alama kwenye tairi, hapo ulipo mdomo wa tyubu. Ehee. Sasa toa upepo wote uliobaki, fungua na nati ya mdomo. Kanyaga tairi pembeni liachie ringi, zunguka nalo lote. Chomeka chuma cha kwanza. Usizamishe! Unaingia kama unachimba dhahabu? Ukizamisha unambana mwenzako wa ndani, tyubu."

Boaz akarudisha chuma kidogo, akakilaza chini, ukingo wa tairi ukapanda juu ya ringi. Akachomeka cha pili, umbali wa kiganja hivi, kisha akaendelea kusogea kidogo kidogo mpaka upande mmoja wote ukatoka. Jasho likamtoka. Akasukuma mdomo ndani, akaivuta tyubu nje, ile nyeusi yenye viraka vitatu, viwili kati yake vimekaa upande upande kama macho ya kinyonga.

"Mama yangu," mzee akasema, "hivi viraka umevibandika umefumba macho?"

"Endelea, mzee," Mwigulu akasema, lakini hata yeye alikuwa anazuia kicheko.

Boaz akaijaza tyubu upepo kwa pampu, akaizamisha kwenye karai, akaizungusha taratibu. Tukainama wote. Povu likatoka, vipovu vidogo vinavyofuatana, karibu na hivyo viraka viwili.

"Hapo! Msumari!" Zipora akasema.

"Shika hapo kwa kidole, usiachie," mzee akamwambia Boaz. "Sasa nijibu polepole. Mdomo wa tyubu unatazama wapi ukiwa ndani ya gurudumu? Barabarani au kwenye ringi?"

"Kwenye ringi. Unatokea kwenye tundu la ringi."

"Na hilo tundu lililotoboka, liko upande gani?"

Boaz akaangalia. Akaigeuza tyubu. Akaangalia tena. Tundu lilikuwa upande uleule wa mdomo, na, ukiacha kiraka cha mwiba wa Jumamosi kilichotazama barabara, viraka viwili vya zamani vilikuwa upande uleule pia. Upande unaolalia chuma.

"Kwenye ringi," akasema, sauti imeshuka.

"Kumbe nilipanda msumari ndani ya gurudumu lako! Ng'wanawane, mwanangu, mimi mchawi basi, siyo fundi." Mzee akawageukia kijiwe. "Pitisheni mkono ndani ya tairi, mtu yeyote. Polepole msikatwe."

Mwigulu mwenyewe akapitisha. Akazunguka mara mbili. Hakuna kitu. Tairi lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa.

"Sasa fuateni alama ya chaki. Wekeni mdomo wa tyubu ulipokuwa, muone tundu linaangukia wapi kwenye ringi."

Wakafuata. Liliangukia juu ya kichwa cha spoku kimoja kilichojitokeza, chenye ncha kama jino la panya. Na vichwa vingine vyote vilikuwa vinatazama juu, uchi kabisa.

"Hapa pana nguo ilitakiwa iwepo," mzee akasema. "Kuna mpira mwembamba unalala ndani ya ringi, unafunika hivi vichwa. Boaz, ulipoziba ule mwiba wa kwanza kabisa, Jumamosi, uani kwako, ule mpira uliupeleka wapi?"

Boaz akakuna kichwa. "Ulidondoka. Niliona ni kipande tu cha mpira. Nikadhani..." Akageuka kulitazama tuta. Kila akibeba watu wawili na kiroba, akaruka tuta, gurudumu lilikuwa linagonga, na spoku inauma tyubu. Ndiyo maana ilikuwa palepale siku zote. Tuta ni moja tu.

Hapo ndipo macho yangu yalipoenda kwenye ndoo ya Zipora. Sikutaka kusema. Kweli sikutaka. Lakini kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa mpira mweusi mwembamba uliozunguka ndoo mara mbili, na kwenye huo mpira kulikuwa na tundu moja la duara, limekatwa vizuri, ukubwa wa mdomo wa tyubu.

"Mama Vaileth," nikasema taratibu, "huo mpira wako mbona una tundu?"

Zipora akaangalia ndoo. "Huu? Nimeuokota uani kwangu. Unabana vizuri, paka hafungui..."

Kijiwe chote kililipuka. Mmoja wa wale abiria alikaa chini juu ya kiroba cha mchele akashika tumbo. "Shemeji umemvua mume wako chupi ya gurudumu!" kijana mmoja akapiga kelele, na Mwigulu akavua kofia ya sufu akajifutia machozi. Zipora akaufungua ule mpira, akamtupia mumewe, akaondoka na ndoo bila kusema kwaheri. Kifuniko kilikuwa kinapiga *ka, ka, ka* njia nzima.

Mzee peke yake hakucheka sana. Akampa Boaz tupa asage kile kichwa cha spoku kiwe sawa na ringi, akautandaza ule mpira mahali pake. Kisha akachukua tyubu mwenyewe, sasa mikono imeruhusiwa. Akaisugua kwa msasa mpaka ikapauka, akapaka gundi nyembamba, akaiacha. Boaz akataka kubandika kiraka palepale.

"Subiri ikauke, isikushike kidole. Haraka yako ndiyo iliyotuleta hapa."

Boaz akasubiri kama mwanafunzi. Wakati anasubiri akaomba radhi, macho yametazama chini. Mwigulu naye akasema turubai lisikunjwe, libaki lilipo, na kabla jua halijageuka pikipiki tatu zilikuwa kwenye foleni.

Ijumaa Zipora hakutoka. Jumamosi hakutoka. Wateja wa dagaa walikuja kuniuliza mimi, na kila aliyeambiwa habari alicheka upya. Usiku nilikuwa namsikia ng'ambo ya ukuta akimnyamazisha Vaileth, sauti yake ndogo, siyo ile ninayoijua. Nilijuta swali langu.

Jumapili baada ya misa mzee akaja kwenye benchi langu, akanywa uji kikombe kizima bila utani. Akatoa mfukoni mpira mrefu mweusi, amekata kutoka tyubu chakavu, kingo zimenyooka kabisa, hauna tundu hata moja.

"Mama Jenifa, naomba umpelekee jirani yako huu, umfungie ile ndoo, umwambie kesho atoke. Wakimkosa zaidi ya hapo watasema mimi ndiye nimemfukuza. Lakini nakuomba, mwanangu, usimwambie umetoka kwangu. Mwambie umeuokota barabarani."