Sahani ya Tatu Ilivyonishinda

Ile miaka ya Zaire, mi nilikuwa mubebaji wa mifuko kwenye bandari ya Kalemie. Nilikuwa na nguvu. Kusema kweli, wakati nilikuwa ninashuka kwenye mashua na mifuko miwili ya chumvi ya Kigoma juu ya kichwa, ziwa lilikuwa linasogea kidogo, linanipisha. Kama unabisha, enda uliulize ziwa. Liko palepale.

Patroni wetu alikuwa muntu wa akili mingi na huruma kidogo. Chakula yetu alikuwa anatupa kwa tike. Kila asubuhi, kila muntu karatasi tatu, na kila karatasi ni sahani moja ya bukari, ule ugali wetu, na samaki, ile mukebuka, kwa mama mumoja aliyekuwa na sufuria zake pembeni ya geti. Saa sita kengele inalia, unaenda kula. Jioni tike inakufa. Ya leo haiwezi kula kesho. Na sahani haitoki pale, unakula ukikaa. Juu ya nini tatu? Patroni alisema mubebaji anakula kama bantu batatu. Matumbo yetu hakuyauliza.

Sasa angalia maajabu. Ile tike ya kwanza, hata ungenipa viatu vya gavana na gavana mwenyewe ndani, singekuachia. Ya pili, tungeongea. Ya tatu tulikuwa tunaiuzia bapita njia kwa sigara moja, na kama siku ni ya joto, kwa nusu sigara iliyoshavutwa. Karatasi ni ileile, muhuri ni uleule, samaki anatoka kwenye sufuria ileile. Wote tulikuwa tunafanya vile, na hakuna mumoja aliyejiuliza juu ya nini.

Yule mama wa geti alikuwa na binti wa dada yake, ametoka Kirungu, kule milimani kwenye baridi. Yeye njo alikuwa anapika. Alikuwa anaongea polepole, kama muntu anayechagua mawe kwenye muchele. Mi nilimupenda mupaka nikaanza kunawa uso mara mbili kwa siku. Miezi minne nilimusemesha, miezi minne anacheka tu anageukia sufuria. Kisha nikasikia kama mashua ya Moba, bandari ya kwao, itamurudisha kwao siku ya Ijumaa, juu mama yake anamuhitaji kwa shamba. Ile siku ilikuwa Jumatano.

Nikamufuata kwenye moto.

"Binti, usipande ile mashua. Ubaki, nikuoe."

"Bantu banne bameshaniambia hivyo, na mumoja ana baiskeli."

"Bale hawajui kula! Mi chakula yako, hata sahani kumi, siwezi kuichoka."

Akaacha kukoroga. "Kumi?"

"Kumi ni ya kuamusha tumbo."

"Haya. Uko na tike tatu. Leo usiuze hata moja. Utakula zote mbele yangu, na mi nitakuangalia. Kisha nitakujibu."

Tatu tu! Nilicheka mupaka wenzangu bakadhani nimeokota diamanti.

Saa sita nikakaa. Tangu saa kumi na moja ya asubuhi nilikuwa nimebeba mifuko mia nane, ao sabini, mi sikuhesabu. Ile sahani ya kwanza, baba yangu! Tonge ya kwanza niliifungia macho. Nilisikia magoti yangu yanasema asante. Sikusikia mashua, sikusikia bantu, na kama vita ingeanza, ingeningojea nimalize muchuzi.

Ya pili ilikuwa tamu, siwezi kumusingizia mupishi. Lakini nikaanza kusikia wenzangu banasema nini. Nikaona nzi. Nikaona samaki ana miba, na ya kwanza, kwa kweli, sijui miba yake ilienda wapi.

Ya tatu ikakuja. Bukari ileile, samaki ndugu ya wale wengine, mama mumoja baba mumoja. Nikachota tonge moja upande. Nikatafuna. Nikatafuna tena. Ile tonge ilizunguka ndani ya mudomo kama mugeni asiyejua nyumba ya kuingia. Samaki alikuwa ananiangalia, na mi ninamuangalia, kila mumoja anangoja mwenzake aondoke.

"Kumi ya kuamusha tumbo!" mwenzangu mumoja akapiga kelele. "Tumbo imeamuka, inatafuta kwa kukimbilia!"

Balicheka wote. Binti peke yake hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Ya kwanza ulifunga macho. Ya tatu umefunga koo."

"Binti..."

"Ngoja. Baba yangu vilevile. Mwanzo alikuwa anasifu chakula ya mama kila siku. Kisha akaacha kusifu. Kisha akaacha kurudi. Wewe umenichoka kwa sahani tatu. Na mi ukinioa, nitakupikia sahani ngapi?"

Bandugu, mi bongo, ule uongo mutamu, sikosi. Ninalala nazo kama muntu mwingine anavyolala na blanketi. Lakini ile saa nilitafuta bongo hata moja ndogo ya kumupa, sikuipata. Ikabaki kweli peke yake.

"Ile ya kumi nilidanganya," nikasema. "Mbili na tonge moja njo mwisho wangu. Lakini si wewe nimechoka. Tumbo imejaa. Ukinipa sombe, yale majani ya muhogo, sasa hivi, nitapata nafasi kidogo, juu sombe sijaigusa leo. Ni huyu samaki, leo, baada ya ndugu zake wawili, njo hana kazi tena. Angalia: miezi minne ninakula kwako. Kama ningekuwa ninakuchoka, leo saa sita ningefunga macho? Uliona wewe mwenyewe. Kesho njaa itarudi, na sahani yako itakuwa tena ya kwanza. Baba yako, sijui alikuwa na nini. Lakini njaa ya mubebaji inarudi kila siku, haina adabu ya kukosa."

Nikaona midomo yake imekauka. Nikamuuliza kitu ambacho, haya inanishika, miezi minne sikumuuliza.

"Na wewe, umekula saa ngapi?"

"Mupishi anakula sufuria ikiisha."

"Inaishaka?"

"Inabaki kokoto, ule ukoko wa chini."

Nikasukuma ile sahani mbele yake. Nilikuwa nimegusa upande mumoja tu. Samaki alikuwa muzima.

"Kula."

Mama mudogo wake, yule wa geti, akaruka: "Yo! Binti anakula mbele ya kijana anayemutaka? Kirungu banakufundisha hivyo?"

Binti aliangalia mama mudogo, akaangalia samaki. Haya na njaa vilipigana kwenye uso wake, na mi nikaombea njaa. Akavuta kiti kidogo cha kukalia, akabapa wenzangu mugongo, akanawa mukono, akachota tonge.

Akafunga macho.

Wallahi ile samaki! Kwangu ilikuwa muzigo kuliko mifuko mia nane. Kwake ilikuwa sikukuu. Alikula, na wenzangu, bale wajinga, bakavua kofia kama kanisani. Alipofika katikati ya sahani, akafungua macho, na akaniangalia na uso wa kushangaa.

"Chumvi imezidi kidogo," akasema. "Miezi minne, hakuna aliyeniambia?"

"Kwenye ya kwanza njaa haisikii chumvi wala nini. Ya tatu nilisikia, nikaogopa."

Akacheka, samaki ndani ya mudomo, bila kujificha na mukono. Akalamba vidole. Kisha, na ile sauti yake ya kuchagua mawe:

"Mama mudogo, mashua ya Ijumaa iende tu. Na wewe, kesho utakula moja. Ya pili tutakula pamoja, kabla sufuria haijaisha. Ya tatu uza, utafute sombe. Nitaipika mi mwenyewe."