Piano Iliyohamia Muleba

Kosa nitakalolisimulia ni pupa ya msomi: ile hali ya mtu kudhani kwamba amri yake yaweza kuharakisha mti na chuma. Msomi huyo nilikuwa mimi.

Katika miaka ya mwanzo ya ujamaa nilifundisha kwaya chuo kimoja cha ualimu, Muleba. Misheni moja upande wa Kashozi ilitupa piano ambayo kwa miaka mingi haikuguswa na fundi. Tuliisafirisha kwa lori, imefungwa kwa magodoro na majani makavu ya migomba, nami nikaiweka chini ya dirisha la magharibi, mahali ambapo wageni wangeiona. Jumamosi mkuu wa wilaya angefika. Mkuu wa chuo alikwisha kuniambia kwamba kwaya ikiaibika, nitahamishwa.

Alhamisi alikuja fundi kutoka Nshambya, mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe. Alibonyeza vibao vitatu, akatazama dirisha, akatazama bati la paa.

"Imefika lini?"

"Jana."

"Basi nitarudi baada ya wiki tatu."

"Barabara imeiharibu, mzee?"

"Barabara haina kosa. Kule ilizoea unyevu wa ziwa. Hapa juani, chini ya bati, mbao zitakauka na kusinyaa, nyuzi zitalegea. Mti huu ungali unahama."

"Kwani una miguu?"

"Mwalimu, wewe umeshafika. Mti wenyewe bado uko njiani."

Nilimwamuru aanze. Akatii, jambo lililoniudhi zaidi. Aligonga uma wa kupimia sauti, akatoa ufunguo wake wa kukazia nyuzi. Vibao vingi vina nyuzi tatu kila kimoja. Mbili alizinyamazisha kwa utepe wa kitambaa kizito, akakaza ile iliyobaki, kisha akazileta zile nyingine moja moja hadi mtetemo wa ugomvi ukatulia. Alipomaliza, akaanza upya, kwa sababu nyuzi zilizolegea muda mrefu, zikipandishwa, huzivuta chini zile zilizotangulia.

"Sauti hii nimekuazima tu," alisema, akaniachia ule uma. "Ikikushinda, gonga huu."

Jumamosi asubuhi nilibonyeza kibao kimoja, zikajibu sauti tatu zisizopatana. Nikafunga kifuniko. Wageni walipoketi, niligonga uma gotini, nikawapa wanachuo sauti ya kuanzia, wakaimba bila piano hadi mwisho, barabara kabisa.

"Na hiyo ni ya nini?" mkuu wa wilaya aliuliza, akiielekezea piano kidole.

"Inapumzika, Ndugu."

Ilikuwa kauli yangu ya kwanza ya kweli wiki ile. Sikuhamishwa.

Baada ya wiki tatu fundi alirudi. Kwanza alitusukumisha piano hadi ukuta wa ndani, mbali na jua, ndipo akaikaza. Safari hii sauti ilikaa. Aliagiza aitwe mara mbili kwa mwaka, mvua zikiisha, na tusiihamishe tena kwa ajili ya macho ya wageni. Nilimrudishia uma wake kwa mikono miwili. Wanachuo walikwisha kumpa jina, nami, niliyestahili kulisikia kuliko wote, namwita hivyo hadi leo: Mzee Subiri.