Saruji Iliyonunuliwa kwa Jina Langu

Barua ilinikuta Geita, katika ofisi ya mradi wa visima, ambako nilikuwa mkuu wa karakana. Nilikuwa na miaka minne tangu nirudi kutoka Bulgaria na diploma yangu ya ufundi mitambo. Sikupelekwa na mjomba mwenye cheo. Nilitoka Kharumwa nikichunga ng'ombe wa watu ili nilipe ada, nikapita mitihani yote, nikapanda ndege nikiwa na mashati mawili. Nasema haya kwa sababu mtu aliyejenga jina lake kwa mikono yake halichezei, wala hakubali lichezewe.

Bahasha ilikuwa nene. Mwandishi alikuwa mwenye nyumba wangu wa Shinyanga, mzee mstaafu wa reli, aliyenipangisha vyumba viwili kabla sijahamishwa. Nilipoingia nilimwekea amana ya shilingi mia sita, kodi ya miezi mitatu, na nilipohama alisema atakagua kwanza, halafu ataniandikia. Kweli aliandika, kwa mwandiko wa karani uliolala upande mmoja:

"Kuhusu marejesho ya amana. Amana uliyoweka, Sh. 600. Makato: kioo cha dirisha, Sh. 45. Kitasa kipya, kwa kuwa ulirudisha ufunguo mmoja badala ya miwili, Sh. 35. Saruji mifuko miwili, kwa sakafu iliyopasuka, Sh. 120. Ufundi, Sh. 60. Jumla ya makato, Sh. 260. Unarudishiwa Sh. 340. Stakabadhi zimeambatishwa. Tia sahihi nakala ya pili kwamba umekubali, uirudishe, nami nitatuma fedha kwa hawala ya posta."

Nilianza na hesabu. Ilikuwa sawa. Kioo nilikivunja mimi. Ufunguo ulipotea. Sakafu niliipasua kwa jiliwa langu, lile la chuma la kubania vyuma, nililolifunga chumbani ili nifanye kazi zangu za jioni. Nikaona mzee ni mtu wa haki, nikachukua kalamu.

Kisha nikageuza stakabadhi moja moja. Ya kioo iliandikwa jina la mzee. Ya kitasa, jina la mzee. Fundi alikuwa amebandika dole gumba. Ya saruji, kutoka duka la ushirika, iliandikwa jina langu, yote matatu, na mbele yake "mtumishi wa serikali". Mifuko miwili, na namba ya kibali.

Nikaiweka kalamu chini.

Ambaye hakuishi miaka ile hawezi kujua kwa nini sikutia sahihi. Saruji haikuwapo madukani. Ilipopatikana, iliuzwa kwa kibali, kwa jina la mtu na kwa kazi iliyotajwa. Na huo ndio ulikuwa wakati wa misako ya bidhaa zilizofichwa. Watu walikuwa wakitupa sabuni mtoni na kufukia mabati shambani. Mtumishi wa serikali aliyenunua saruji na asiweze kuonyesha ilipo aliitwa mlanguzi, na kazi yake iliishia hapo. Mimi saruji hiyo sikuiona. Siku iliyonunuliwa nilikuwa Geita. Halafu nimetakiwa nitie sahihi kwamba nimekubali mifuko miwili. Sakafu ile, kwa jicho la fundi, ilihitaji mmoja.

Jumamosi nilivuka ziwa kwa kivuko, nikalala Mwanza, nikashuka Shinyanga Jumapili watu wakitoka kanisani. Mzee alikuwa kibarazani na chai yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu! Umekuja mwenyewe? Posta imekufa huko Geita?"

"Posta ipo. Nimekuja kuona sakafu."

Akacheka. "Wasomi bwana! Mtu anasafiri siku mbili kwenda kusalimia sakafu."

Chumba kilikuwa hakijapangishwa. Kiraka kilikuwa kizuri, kimelainishwa, upana wake kama mlango. Nilipima kwa hatua na kwa shibiri. Mfuko mmoja ulitosha, tena ulibaki.

"Baba, mfuko wa pili uko wapi?"

"Umo humo humo. Fundi alikoroga mzito."

"Na jina langu liliingiaje dukani?"

"Kibali changu cha mwaka huu nilishakitumia kujengea choo. Nikawaambia kwamba mpangaji wangu, injinia wa serikali, anatengeneza alipoharibu. Walipiga mhuri hata hawakuuliza. Jina lako lina nguvu, mwanangu. Furahi!"

Sikufurahi. Nilizunguka nyuma ya nyumba, naye akinifuata akisema kule kuna matope. Hapakuwa na matope. Palikuwa na kibanda kipya cha duka, kimeangalia njia ya stendi, na sakafu yake ya saruji ilikuwa bado na rangi mbichi ya kijivu.

Mzee akashusha sauti. "Tusiseme mengi. Nipe hizo stakabadhi na barua. Nitakurudishia mia sita yote, sasa hivi, bila kukata hata senti."

Hapo ndipo shaka yangu iligeuka kuwa hakika. Mtu aliyenidai hadi ufunguo, leo ananisamehe kila kitu? Fedha ile niliihitaji. Mwenye nyumba wa Geita alikuwa ananidai amana yake. Lakini nilijua duka linavyoandika: karatasi ya juu anapewa mnunuzi, nakala ya kaboni inabaki kitabuni. Nikimpa ya juu, jina langu litabaki dukani, nami sina cha kuonyesha.

"Tumwite balozi," nikasema.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa mama mshonaji wa jirani. Alikuja na tepu yake ya kupimia shingoni, akasoma barua, akaenda kibandani, akarudi.

"Mzee, hii ndiyo sakafu iliyopasuka ikatembea hadi barabarani?"

"Balozi, usinitanie mbele ya mtoto."

"Mtoto gani, huyu mwenye ndevu? Na wewe, baba injinia, ulivunja kioo?"

"Nilivunja."

"Ufunguo?"

"Nilipoteza."

"Basi hivyo utalipa. Na mfuko mmoja, na fundi. Msiniharibie Jumapili."

Mzee aliandika barua upya akinung'unika. Kioo 45, kitasa 35, saruji mfuko mmoja 60, ufundi 60. Makato 200. Marejesho 400. Nyuma ya stakabadhi ya saruji balozi aliandika kwamba mfuko mmoja umetengeneza chumba cha mpangaji na wa pili umetumika kibandani kwa mwenye nyumba, aliyeununua mwenyewe bila mpangaji kuwapo. Akagonga mhuri. Kisha akamsukumia mzee kalamu. Mzee aliishika, akanigeukia.

"Unanipeleka jela, ng'wanawane."

"Wewe ulitaka nitangulie, baba."

Akatia sahihi. Nami nikatia yangu kwenye nakala yake ya barua, nikapokea mia nne, noti kwa noti.

Haukupita mwezi, wanaume wawili waliovaa suti za Kaunda waliingia karakana yangu wakiwa na jina langu kwenye karatasi na namba ya kibali. Wengine ofisini walianza kukwepa macho yangu. Niliwaketisha, nikafungua droo, nikawawekea stakabadhi mezani, imegeuzwa mgongo. Mmoja alisoma, akampa mwenzake. Mwenzake akauliza hicho kibanda kiko upande gani wa stendi.

Nikawaeleza. Nani aliwapa jina langu, hawakusema. Mpaka leo sijui kama walilitoa kwenye kitabu cha duka, au kuna mtu aliyewaandikia kwa mwandiko wa karani uliolala upande mmoja.