Kitanda Kilichotazama Mlango

Nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Mume wangu ni dereva wa lori: anaendesha usiku, analala mchana. Siku hizo hakuwa akirudi kulala nyumbani. Nikajua ana mwanamke, na nikawatangazia wapangaji wenzangu wote hapa Tabata.

Kisha nikaona kwenye simu somo la fengshui, elimu ya Wachina ya kupanga nyumba. Linasema miguu ya mlalaji isielekee mlangoni, maana maiti hutolewa miguu mbele, na bahati ya ndoa humwagikia nje. Kichwa kiegemee ukuta, si dirisha, na mlango uonekane kwa upande. Kitanda chetu kilikuwa kimeutazama mlango uso kwa uso! Nikakisukuma hadi kona ya mbali.

Mume akaanza kulala nyumbani kila siku. Nikawaita majirani, nikawahubiria chumbani: "Bahati imerudi, na yule mwanamke kwisha habari yake!"

Mume akatokea bafuni na taulo begani.

"Mwanamke gani, mama Zuhura? Nilikuwa nalala kwenye kochi la kaka, Temeke. Hapa joto linatulazimu kuacha mlango wazi. Jua lilinipiga machoni, na kila aendaye chooni aliniona. Pale konani pana kivuli, na anayeingia namwona, roho inatulia. Bahati gani? Miaka mitatu nakuomba tukisogeze, unasema natafuta visingizio."

Hakuna aliyecheka. Bi Tatu, jirani aliyetuzidi sote umri, akavaa ndala zake.

"Ungemtumia ombi lako kwenye simu, baba Zuhura. Angekusikia."