Bei ya Mikono ya Agnès

Mwaka ule waasi walipokaribia Uvira, Agnès Nyirabahizi, msusi wa vikapu wa mtaa wa Kasenga mjini humo, alipata barua kutoka Ubelgiji. Duane ya huko, yaani forodha, ilikuwa imezuia vikapu vyake ishirini. Fakitire, yaani hati ya bei, aliyoituma navyo ilisema faranga mia mbili, kumbe mnunuzi alilipa elfu mbili. Fakitire ya kweli isipofika kabla ya mwisho wa mwezi, vingetaifishwa.

Alikimbilia posta kwa karani Marcellin.

“Mama, hiyo mia mbili uliitoa wapi?”

“Ni bei ya majani na rangi.”

“Na mikono yako?”

“Mikono iko yangu, baba. Sikuinunua.”

Marcellin alipiga meza. “Duane haiulizi ulinunua majani bei gani! Inauliza mnunuzi alikulipa ngapi!”

Akapiga mashine fakitire mpya: vikapu ishirini vya majani, faranga za Kibelgiji mia moja kila kimoja, jumla elfu mbili, vimetoka Kongo. Agnès akatia sahihi, akaiweka katika bahasha, akamsukumia.

Marcellin hakuipokea. Alimwonyesha mfuko wa barua pembeni, umejaa, umefungwa. Gari la kupeleka barua Bukavu halikuwa limekuja tangu Jumatatu, na dereva wake alikuwa ameonekana mpakani Kavimvira akivuka kwenda Burundi kwa miguu.