Kiti cha Upande wa Kulia

Walimwita Rula kwa sababu hata kochi la nyumbani kwake alilipima kabla ya kulikalia. Alikuwa mpiga picha za video, mtu wa maneno machache, na utepe mweusi wa kubandika haukukosekana mfukoni mwake. Asubuhi ile, sebuleni kwa mama yake, utepe huo nusura umgombanishe na mdogo wake.

Filamu ilikuwa ya huyo mdogo wake, mwongozaji. Ilihusu mama yao na mjomba wao, ambao hawakuwa wamesemeshana tangu mjomba alipokosa kumzika bibi. Sasa mjomba alikuwa amekubali kuja, mara moja tu.

"Nikikasirika naondoka," alisema mlangoni. "Na msinifuate na hayo madude yenu."

Mama alikaa kiti cha kushoto, mjomba cha kulia. Katikati palikuwa na zulia tupu.

"Weka utepe juu na chini ya kioo cha kamera," mwongozaji alimnong'oneza Rula. "Nataka fremu pana."

"Kamera inanasa upana wa nne kwa kimo cha tatu," Rula alijibu. "Ukitaka upana uwe karibu mara mbili na nusu ya kimo, karibu nusu ya picha tunaitupa. Mikono ya mama itakatwa. Na mama anaongea kwa mikono, wewe! Niache nimsogelee. Fremu inayokaribia mraba ni ya mtu mmoja: uso unaijaza, macho hayana pa kukimbilia."

"Na mjomba?"

"Nitamfuata baadaye."

"Hapo sisi ndio tutakuwa tumewatenganisha, kaka. Nawataka pamoja, na lile pengo lao."

"Basi tubaki na picha nzima."

"Tukibaki na nzima, pengo linazama kwenye dari na sakafu. Watu wataona chumba. Umbali hawatauona."

Fundi wa sauti alikohoa. "Mkimaliza kesi yenu mniambie maiki inakaa wapi. Mama yenu anaongea kama anaungama. Kwa fremu pana naishusha hadi kwenye utepe, namsikia vizuri. Ila nikishaishusha, picha nzima haitumiki tena, labda muwe mnatengeneza filamu ya maiki."

Mjomba alitazama mlango. Rula akabandika utepe.

Rula akawasha kamera. Kisha mama, bila kumtazama kaka yake, akauliza, "Ulikuwa wapi?"

"Nilifika."

"Muongo."

"Nilifika hadi getini. Nikaona watu wanatoka. Nikashindwa kuingia."

Mjomba akainuka. Kichwa chake kikapita mstari wa utepe, na Rula akadhani anaondoka. Lakini mjomba hakwenda mlangoni. Alivuka zulia taratibu, akavuta stuli, akaketi kando ya dada yake.

Sasa wote walikuwa wamebanana kushoto, na kulia kumebaki kiti kitupu. Mkono wa Rula ukaruka kwenye mpini ili aizungushe kamera, awaweke katikati kama alivyozoea kuwaweka maharusi. Mdogo wake akamshika kiwiko, akatikisa kichwa. Chini ya utepe, nje ya fremu, Rula akaona mama akiuchukua mkono wa mjomba na kuulaza gotini kwake.

"Mdogo wangu, nisamehe," mjomba alisema.

Rula hakugusa kamera. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

Walipoketi kuhariri, alimwomba mdogo wake amwachie kipande kile. Maiki ilionekana juu kabisa, kwa hiyo akakata fremu ndogo ya nne kwa tatu kutoka sehemu ya chini kushoto. Mikono ikaingia yote, nyuso zikaijaza. Ilikuwa nzuri mno, naye akaitazama akitabasamu.

Kisha akairudia kuanzia mjomba alipoketi, na tabasamu likamtoka. Katika fremu ile, mjomba alikuwa kama mtu aliyekaa pale siku zote. Kiti hakikuwepo. Zulia halikuwepo. Alijaribu ile pana, akaishusha kidogo ili aipate mikono; ikakata vipaji vya nyuso. Akairudisha ilipokuwa.

"Vipi?" mdogo wake aliuliza.

"Ibaki pana."

"Na mikono?"

"Inakatwa." Aliisema haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Mama alipoitazama alisogeza kiti karibu na kioo, akainama kana kwamba angeweza kuchungulia chini ya ukingo.

"Mbona mkono wangu hauonekani? Nilimshika."

"Ulimshika, mama," Rula alisema. "Nilikuona."

Macho ya mama yakahama taratibu kutoka alipokaa na kaka yake hadi kwenye kiti kitupu cha upande wa pili.

"Kumbe alitoka mbali hivyo," alisema. "Nirudishieni nyuma kidogo."