Satini Iliyokatwa Mshazari

Suti ya mchana ndiyo iliyonipa ujasiri. Miaka ya elfu mbili na kumi, katika chumba chetu cha ushonaji kule Najma, Uarabuni, nilimshonea mteja mmoja koti na sketi kwa mtindo wa miaka ya elfu moja mia tisa thelathini. Mtindo huo nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama picha na kufumua nguo kuukuu. Enzi hizo kiuno kilikuwa kimerudi mahali pake baada ya magauni yaliyonyooka ya muongo uliotangulia, mabega yamewekewa vijimto, sketi inaishia katikati ya muundi. Kitambaa cha sufu kilichokatwa kwa kufuata uzi kinatii. Ukikibana kiuno, kinabanika.

Ndipo akaniletea satini ya marehemu mama yake. Alitaka gauni la usiku la miaka ileile, la kuvaa kwenye harusi ya bintiye.

Gauni hilo hukatwa mshazari, uzi wa kitambaa ukikatiza mwili kwa pembe badala ya kushuka wima. Halina mikunjo ya kubana kifua wala kiuno. Kitambaa chenyewe hunyumbuka na kufuata umbo. Lakini mshazari unakula kitambaa, na satini ilitosha kwa shida. Nililitundika siku tatu kabla ya kupinda chini, uzito wake ulivute. Lilishuka zaidi ubavuni kuliko mbele, tena si kidogo.

Mchana wa harusi mteja alikuja, akaona ukingo wa chini unapanda na kushuka kama wimbi. Akauliza litabaki na urefu gani. Nilimweleza kwamba sijui mpaka alivae. Nikipunguza hadi juu ya vifundo, halitakuwa la usiku wala la mchana.

Akalivaa, akapanda juu ya meza na viatu vyake vya harusi. Mwenzangu, Mkenya aliyeshika pini, akamwambia, "Mama, tulia kama uko kwa mpiga picha wa pasipoti." Tukacheka.

"Nyie mnacheka," akasema mteja. "Hii ndiyo nguo ya mwisho ya mama niliyo nayo."

Nilisimamisha rula juu ya meza na kumzunguka, maana yeye akigeuka tu mshazari unavutika na alama inakosewa. Nikatia chaki kwa kipimo kilekile pande zote. Mbele, palipokuwa pafupi kuliko kote, chaki iligusa ukingo wenyewe wa kitambaa. Hapakuwa na cha kukunja.

Mwenzangu alinitazama. Nikaacha wazo la upindo. Nilikata ubavuni tu, nikifuata chaki, kisha tukaviringisha ukingo kwa vidole, upana wa uzi, na kuushona kwa mkono, kila mmoja akianzia upande wake.

Alilivaa tena, akashuka sakafuni. Satini iligusa ngozi ya viatu, mbele na nyuma sawasawa. Alivuta pumzi, akaomba abaya yake, na kabla ya kuivaa akauliza vile vipande vya ubavuni viko wapi.

Mwenzangu alikuwa ameshavikunja na kumwekea.